Chumvi inayoimba ngazi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu yuko kidato cha tano hapa Tanga. Walipewa kazi ya kutunga sentensi mbili zilizo sahihi kisarufi lakini zisizo na maana. Akaandika "Chumvi yenye usingizi inaimba ngazi" na "Kikombe cha shangazi amekasirika". Zote mbili zimepigwa mkasi na pembeni pameandikwa "haina maana, si sentensi". Sasa si ndiyo kazi waliyopewa? Na mtu anajuaje kama kosa ni la sarufi au ni la maana? Mama wa Chumbageni.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisomea barazani, kikombe cha kahawa mkononi, na nilipofika kwenye chumvi nikacheka peke yangu hadi mpita njia akageuka. Nitoe hukumu kwanza. Kwa sentensi ya kwanza kijana ameonewa. Ya pili ilistahili mkasi, ila sababu iliyoandikwa pembeni siyo.

Ugomvi wote umetoka kwenye ile fasili tuliyokaririshwa sote shuleni, kwamba sentensi ni neno au fungu la maneno lenye maana kamili. Neno linaloponza hapo ni "kamili". Sikiliza fungu hili: "Mtoto aliyevunja ngazi ya jirani". Maneno yote yanaeleweka, mtoto unamwona, ngazi unaiona, hata jirani unamfahamu kwa ukali wake. Lakini unangoja. Mtoto huyo amefanya nini, au amefanywa nini? Kuna maana tele hapo, na sentensi hakuna, kwa sababu kiarifu hakijafika. Sasa sikiliza "Chumvi yenye usingizi inaimba ngazi". Hungoji kitu. Umeshangaa, lakini hungoji. Kiima kipo, kiarifu kipo, kinachoimbwa kimetajwa, na sauti yako imeshuka mwishoni kama inavyoshuka unaposema "Bibi mwenye duka anauza nazi". Ukamilifu unaotakiwa na fasili ile ni ukamilifu wa muundo. Walioisoma kama sharti la kuwa na akili timamu ndani ya sentensi wameongeza chumvi yao wenyewe.

Tuifungue sentensi ya kijana kipande kwa kipande. "Chumvi" imo katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo kinachoifuata kinavaa y- au i-. Kweli, "yenye" imevaa y-, na "inaimba" imevaa i-. Kitenzi "imba" kinakubali yambwa, yaani kitu kinachoimbwa, na nafasi hiyo imejazwa na nomino, "ngazi". Kila mlango una komeo lake. Ukitaka kuliona hilo vizuri, badilisha mizizi miwili tu: weka "msichana" mahali pa chumvi na "wimbo" mahali pa ngazi, kisha acha upatanisho ujirekebishe wenyewe. Unapata "Msichana mwenye usingizi anaimba wimbo". Jengo ni lile lile, waliobadilika ni wapangaji. Sasa fanya kinyume. Acha wapangaji wale wale wa kijana, uguse jengo: "Chumvi chenye usingizi kinaimba ngazi". Sikio linauma papo hapo, na maumivu hayo ni tofauti kabisa na yale ya mwanzo. Ya mwanzo yalikuwa mshangao, haya ni makosa.

Mtu anayetajwa sana katika jambo hili ni mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky. Mwaka 1957 alichapisha kitabu kidogo kuhusu miundo ya sentensi, na ndani yake akatoa mfano ambao kwa Kiswahili tungeusema hivi: "Mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanalala kwa hasira". Pembeni yake akaweka maneno hayo hayo yakiwa yamepangwa kinyumenyume. Hakuna aliyewahi kuisikia moja kati ya hizo mbili, na zote hazina kichwa wala miguu kimaana. Hata hivyo mzawa wa lugha huisoma ya kwanza kwa mteremko wa kawaida wa sentensi, na huikumbuka kwa urahisi. Ya pili huisoma neno moja moja, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Mtu akiweza kuzitofautisha sentensi mbili ambazo hajapata kuzisikia, na ambazo zote hazimpi maana, basi kinachomwezesha kuzitofautisha si mazoea ya kusikia wala si maana. Kipo kitu cha tatu kichwani mwake, na hicho ndicho Chomsky alichokiita sarufi.

Kwa Kiswahili hoja hiyo inaonekana wazi kuliko hata kwa Kiingereza, maana kwetu sisi sarufi imebandikwa usoni mwa maneno. Nimekuwa nikiwapa wanafunzi mfano huu, wenye mizizi niliyoibuni mwenyewe: "Vigwese viwili vimenurupwa na mfwemba". Usitafute kwenye kamusi. Lakini nikikuuliza ni vigwese vingapi, utasema viwili. Nikikuuliza kimoja kinaitwaje, utasema kigwese. Vimefanywa nini? Vimenurupwa. Na aliyefanya? Mfwemba. Nikikutaka uianze na mfwemba, utaniambia bila kusita "Mfwemba amenurupa vigwese viwili", na ukitaka kukazia utasema "amevinurupa". Umefanya kazi hiyo yote bila kujua kigwese kinaliwa au kinavaliwa. Pale palipohitaji kujua, nitaparudia baadaye, maana ulipita juu ya tundu bila kuliona.

Sasa ile sehemu ya pili ya swali lako: mtu ajuaje kosa ni la upande gani? Njia ninayoiamini ni kujaribu kulitengeneza, kisha kuangalia umeshika nini wakati wa kutengeneza. Ukiweza kuiponya sentensi kwa kugusa viambishi na mpangilio tu, mizizi ikabaki ile ile, kosa lilikuwa la sarufi. Ukigusa viambishi vyote na sentensi bado inakutazama kwa macho ya ajabu, mpaka ung'oe mzizi na kupanda mwingine, tatizo lilikuwa la maana.

Chukua "Kiti limevunjika". Weka ki- badala ya li-, ugonjwa umeisha: "Kiti kimevunjika". Sarufi. Chukua "Mtoto ameanguka sahani". Hapa wanafunzi wengi hubabaika, husema ni kosa la maana kwa kuwa mtu haanguki sahani. Ijaribu. Mzizi "anguka" haupokei yambwa. Uongezee kiambishi cha kutendesha upate "ameangusha sahani", na mtoto yule yule na sahani ile ile wanakaa sawa. Umeponya kwa kiambishi, kwa hiyo ni sarufi. Halafu chukua "Kiti kimekasirika". Badilisha wakati, kanusha, iweke katika wingi: "viti vitakasirika", "kiti hakikukasirika", "kiti kinachokasirika". Ugeni uko pale pale. Mpaka ukitoe kiti umlete Juma, au uondoe "kasirika" ulete "vunjika".

Ipo njia ya pili ya kupima, nayo ni kuipa sentensi mazingira. Sentensi iliyokosa maana inaweza kuokolewa na hadithi, ndoto, utani au kitendawili. Iliyokosa sarufi haiokolewi na yeyote. Ukisema "Nyumba yangu haina mlango", mgeni atashangaa unaingiaje. Ukitanguliza "Kitendawili!" na akaitikia "Tega!", mshangao unageuka kuwa raha, kwa sababu anajua jibu ni yai. Lakini tega kitendawili kwa kusema "Nyumba wangu hakina mlango" na hata mtoto wa darasa la pili atakurekebisha kabla hajajibu. Ile ya Chomsky nayo iliokolewa: mwaka 1985 huko Chuo Kikuu cha Stanford yalifanyika mashindano ya kutunga maandishi, nathari isiyozidi maneno 100 au shairi la mistari 14, ambayo ndani yake mawazo yale ya kijani yangeleta maana. Watu wakatunga. Nina hakika chumvi ya kijana wako ingepata mshairi wake hapa hapa Ngamiani kabla ya jua kuchwa, maana kwa watu waliokulia kwenye mafumbo, kuimba ngazi kunaweza kuwa kupanda sauti hatua kwa hatua.

Hapo ndipo ninapolitilia shaka kidogo hata swali la kazi yenyewe, lile la "zisizo na maana". Hebu kanusha sentensi ya kijana: "Chumvi yenye usingizi haiimbi ngazi". Je, ni kweli au si kweli? Wengi watasema ni kweli, chumvi haiimbi kitu. Sasa umejuaje kuwa ni kweli kama hukuielewa ile ya awali? Ni wazi kuna kiasi fulani cha maana ulichokipokea: ulijua nani anasemwa anafanya nini, ndipo ukakataa. "Vigwese vimenurupwa" huwezi kuikataa wala kuikubali, kwa sababu mizizi haina kitu ndani. Na yale maneno yaliyopangwa kinyumenyume hayakufikishi hata hapo, kwani hujui nani kamfanyia nani nini. Kwa hiyo kuna ngazi (samahani kwa neno hilo) tatu za kukosa maana, na walimu tunaziita jina moja. Ya kijana ni ile nyepesi kuliko zote: maana ya vipande ipo, na jinsi vipande vinavyoungana ipo, isipokuwa ulimwengu tunaoujua haupokei matokeo yake.

Upande wa pili wa sarafu nitaupita haraka, kwa kuwa unaujua kila siku. Anakuja mgeni sokoni anasema "Mimi taka samaki kubwa mbili", na muuza samaki anampimia wawili wakubwa na chenji anarudishiwa. Maana imefika salama, sarufi imebaki njiani. Tahadhari moja tu: si kila kinachoumiza sikio la shuleni ni kosa. Mzee wa Mtang'ata akisema kwa lahaja yake, ana sarufi kamili, nayo ni ya Kimtang'ata. Kosa hupimwa kwa sarufi ya msemaji.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba sarufi na maana ni mataifa mawili yenye bahari katikati. Kwa Kiswahili bahari hiyo ina sehemu inayokauka maji yakitoka, na watu wanavuka kwa miguu. Anza na jina la mji wetu. "Tanga limechanika": nahodha yeyote atakimbilia mlingoti. "Tanga imebadilika": huyu anazungumzia mji. Neno ni moja, herufi zile zile, kilichokuambia ni tanga gani ni kiambishi cha upatanisho. Kwa hiyo nikiandika "Tanga imechanika" nikikusudia lile la mlingotini, sarufi imenipotosha maana, au maana imeharibu sarufi, na kubishana ni lipi kati ya hayo mawili kunaweza kumaliza birika zima la kahawa. Mimi husema: sentensi ni sahihi, ila inahusu mji, na mji hauchaniki.

Kubwa zaidi ni suala la uhai. Wewe mwenyewe, katika barua yako, umeandika "kijana wangu". Hukuandika "kijana changu", ingawa kijana anaanza na ki- kama kiti na kisu. Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili, kabla hakijachagua upatanisho, huuliza swali moja: je, kina uhai? Kikiwa na uhai, mtu au mnyama, umbo la nomino linawekwa kando na upatanisho unakwenda A-WA. Kipofu ameketi, kiongozi wetu amefika, kiboko amezamisha ngalawa. Ukisikia "kiboko kimevunjika" unajua ni kile cha kuchapia. "Kifaru amelala" ni mnyama, "kifaru kimeharibika" ni cha jeshi. Hapa maana imeingia jikoni kwa sarufi na kupika pamoja nayo. Swali la "kina uhai?" ni la maana tupu, lakini jibu lake linaandikwa kwa kiambishi, na ukikosea tunakuhesabia kosa la sarufi. Wakati mwingine msemaji huchagua makusudi: jitu limekuja, kijitoto kinalia. Hapo uhai umefichwa ili ukubwa, udogo au dharau ionekane.

Turudi kwa mfwemba, kama nilivyoahidi. Neno linaloanza na m- linaweza kuwa mtu, kama mvuvi, au mti, kama mwembe. Mfwemba akiwa mtu, "amenurupa". Ukiwa mti, "umenurupa". Wewe hukusita, ulisema "amenurupa". Ulidhani ana uhai kwa sababu alitajwa kama mtendaji, na watendaji wengi tunaokutana nao wana uhai. Hiyo haikuwa sarufi. Ulipiga ramli ya maana, ukabahatisha, na sarufi ikakupokea.

Sasa tuko tayari kwa kikombe. "Kikombe cha shangazi amekasirika." Tumia kipimo changu: je, naweza kuitengeneza kwa kiambishi? Naam. "Kikombe cha shangazi kimekasirika" ni sentensi safi, na haina maana kwa namna ile ile ya chumvi. Maadamu kiambishi kimoja kimeiponya, aliyoandika kijana ilikuwa na kosa la sarufi, na kazi ilitaka sentensi isiyo na kosa hilo. Nadhani najua kilichompata: "kasirika" ni kitenzi cha watu, kikamvuta kwenye a- kabla hajakitazama kiima. Maana iliiponza sarufi, tena katika sentensi ambamo alitakiwa kuzitenganisha hizo mbili.

Anaweza kujitetea kwamba kikombe chake ni mhusika, kama wale wa hadithi za bibi, ambamo vitu vinasema na kujibizana. Utetezi huo una nguvu. Katika hadithi chungu akishapewa moyo wa mtu, msimuliaji husema "Chungu akacheka, akamwambia mwiko", na hakuna anayemkosoa, kwa sababu jibu la swali la uhai limebadilika na upatanisho umelifuata. Lakini utetezi huo unamwangukia kwenye neno "cha". Kama kikombe kimekuwa mtu, basi ni mtu moja kwa moja: "Kikombe wa shangazi amekasirika", kama tunavyosema kijana wa shangazi, si kijana cha shangazi. Yeye amekifanya chombo kwenye "cha" na mtu kwenye "amekasirika", ndani ya maneno manne. Atakuuliza mbona tunasema "rafiki yangu amefika", ambayo nayo inachanganya. Mwambie ruhusa hiyo wanayo wale wa ukoo na usuhuba wasio na kiambishi cha ngeli, kina rafiki, dada, ndugu, baba. Wenye ki- hawana, ndiyo maana wewe hukuandika "kijana changu amefika".

Kwa hiyo nenda na daftari kwa mwalimu wake, kwa heshima, maana huenda alisahihisha madaftari mia usiku ule. Kwanza mwombe akuonyeshe, kwenye chumvi, ni kiambishi gani angekibadilisha. Asipokipata, alama ya kwanza irudi. Ya pili aiache ilivyo, ila pale pembeni aandike "upatanisho" badala ya "maana", mpaka hapo kijana atakapoleta hadithi nzima ya kikombe huyo na kilichomkasirisha.